Diski yenye chaji inayozunguka: ile 4 inatoka wapi, na kwa nini haipinduki kama dira

"Ticha shikamoo. Kuna swali la diski ya plastiki, rediasi R, imepakwa chaji Q sawasawa usoni, inazunguka kwa kasi ω. Momenti ya sumaku mimi napata QωR²/2, kitabu kinasema QωR²/4, na mwenzangu kapata QωR²/8. Alafu ikiwekwa kwenye uga wa sumaku uliolala usawa mmoja na diski, itapinduka mpaka ielekee uga kama sindano ya dira au? Nimechora mara kumi bado sioni."

Marahaba mdogo wangu. Kitabu kiko sawa, ni QωR²/4. Na hapana, haipinduki kama dira, kama inazunguka huru itafanya kitu cha ajabu zaidi ambacho umekiona toka utotoni ukicheza na pia ya kuzungusha, mhimili wake utatembea duara taratibu kuuzunguka uga. Taratibu kweli, ngoja tufike kwenye namba ndo utacheka.

Tuanze na hiyo 4 maana ndo imekugombanisha na mwenzako. Ulichofanya wewe nakihisi hata bila kuona daftari. Umesema chaji Q inazunguka, mzunguko mmoja unachukua sekunde 2π/ω, kwahiyo karenti ni Qω/2π, eneo la diski ni πR², zidisha, unapata QωR²/2. Hesabu haina kosa hata moja, tatizo ni kwamba hiyo ni ya bangili na sio ya diski. Umechukua chaji yote ukaiweka ukingoni, kana kwamba kila punje ya chaji inazungukia eneo lote la diski. Punje iliyokaa karibu na katikati inazungukia kaeneo kadogo tu, haiwezi kupewa πR² nzima.

Mwenzako yeye nadhani aliona hilo, akasema basi kwa wastani chaji iko nusu ya njia, rediasi R/2, akatumia eneo π(R/2)², ikatoka 8. Wazo zuri ila wastani kauchukua wa kitu kisicho chenyewe.

Hebu ikate diski iwe bangili nyembamba nyingi zilizopangwa moja ndani ya nyingine. Bangili yenye rediasi r ina chaji ndogo dq. Karenti yake ni dq·ω/2π, eneo inalolizunguka ni πr², kwahiyo momenti yake ni

```
dm = (dq·ω/2π) · πr² = ½ ω r² dq
```

Angalia hapo kilichobaki, ni r², sio r. Ukijumlisha bangili zote unapata nusu ya Qω mara wastani wa r² kwa chaji yote. Huo ndo wastani unaotakiwa, wa r mraba, na ndo mwenzako alipoteleza, yeye alikisia wastani wa r kisha akaupigia mraba, ambayo ni vitu viwili tofauti kabisa (na hata wastani wa r wenyewe kwenye diski sio R/2, ni 2R/3, kwa sababu bangili za nje ni ndefu, zinabeba chaji nyingi kuliko za ndani).

Sasa chaji imepakwa sawasawa, kila eneo lina σ = Q/πR². Bangili ya upana dr ina eneo 2πr dr, kwahiyo

```
dq = σ · 2πr dr
m  = ½ ω ∫ r² · σ · 2πr dr   (kutoka 0 hadi R)
   = π σ ω R⁴ / 4
   = Q ω R² / 4
```

Wastani wa r² umetoka R²/2. Basi, hiyo nusu ya ziada ndo inayoigeuza 2 yako kuwa 4. Na uelekeo wa m ni uleule wa ω kama chaji ni chanya, vidole vya mkono wa kulia vikifuata mzunguko kidole gumba kinaonyesha m. Chaji hasi, m inageuka inaangalia kinyume cha ω. Kariri hilo la pili kwa sababu watunga mitihani wanalipenda.

Tuje kwenye toki, yaani ile nguvu ya kuzungusha. Fomula unaijua, τ = m × B, ukubwa mB sin θ ambapo θ ni pembe kati ya mhimili wa diski na uga. Kwenye swali lako uga umelala usawa wa diski, θ ni digrii 90, kwahiyo toki ni QωR²B/4. Ningeweza kuishia hapo ila umesema umechora mara kumi huoni, na mimi nakuelewa, coz fomula ya msalaba haionyeshi nani anasukuma nani. Kwahiyo tuisahau kwa dakika mbili tuangalie chaji zenyewe.

Laza diski mezani. Ipe chaji chanya, ukiwa umeiangalia kutoka juu inazunguka kinyume cha saa. Uga B unaenda mashariki. (Nimeepuka makusudi kusema "upande wa saa tatu", maana sisi saa tatu yetu mkono wa saa unaangalia 9, niliwahi kuifundishia hivyo nusu ya darasa ikachora kushoto nusu kulia.)

Chukua punje ya chaji iliyoko ukingo wa mashariki. Kwa sababu diski inazunguka kinyume cha saa, punje hiyo saivi inaelekea kaskazini. Chaji chanya inaenda kaskazini, uga mashariki, v × B inatoa nguvu kwenda chini, inaigandamiza meza. Haya hamia ukingo wa magharibi, huko punje zinaelekea kusini, kila kitu kinageuka, nguvu inaenda juu. Na ukingo wa kaskazini je? Huko punje zinakwenda magharibi, yaani sambamba na uga ila kinyume, na chaji inayotembea sambamba na uga haisukumwi kabisa. Kusini vilevile, sifuri.

Kwahiyo unachokiona ni diski ambayo upande wa mashariki unakandamizwa chini na upande wa magharibi unanyanyuliwa juu, kama mtu anainamisha sinia kumwaga pumba upande wa mashariki. Nguvu zinajumlishana kuwa sifuri, diski haiendi popote, ila toki ipo.

Ukitaka kuhakikisha namba, weka x ikielekea mashariki. Punje dq iliyo umbali x kutoka mstari wa katikati ina mwendo wa kwenda kaskazini ωx, nguvu yake ni ωxB dq kwenda chini, na mkono wa nguvu ni x hiyohiyo. Kwahiyo toki ya punje moja ni ωB x² dq, na jumla ni QωB mara wastani wa x². Wastani wa r² ni R²/2, na r² = x² + y², pande mbili zinagawana sawa, kwahiyo wastani wa x² ni R²/4. Toki = QωR²B/4. Imetoka ileile bila kuigusa momenti ya sumaku hata kidogo, na hii ndo njia ninayowashauri watu waitumie kujikagua, ukipata 2 au 8 huku na 4 kule unajua kuna sehemu umevuruga.

Kitu kingine kinachoonekana hapo: hakuna nguvu yoyote inayosukuma chaji kuzunguka zaidi au kupunguza mzunguko. Zote ni za juu na chini. Kwahiyo toki hii haigusi ω, inahangaika na mhimili tu. Na kama uga ungekuwa umesimama wima kufuata mhimili, nguvu zote zingekuwa za kuvuta chaji nje au kuibana ndani, katikati zinafutana, toki sifuri. Ndo maana sin θ.

Sasa swali lako la maana, itapinduka?

Ukifuata picha ya sinia utasema ndio, mashariki inashuka, kwahiyo mhimili uliokuwa unaangalia juu unalalia mashariki, yaani unaelekea kwenye uga, kama dira. Na ingekuwa koili ya waya iliyotulia yenye karenti, hilo ndo lingetokea, ingelalia uga, ingepitiliza, ingerudi, ingecheza hivyo mpaka msuguano uitulize. Tofauti ni kwamba diski yetu ina momentamu ya mzunguko, L, imejaa kwenye mhimili. Na toki kazi yake ni kubadilisha L. Toki ya kuinamisha mashariki kama vekta inaelekea kaskazini (mkono wa kulia tena, jaribu). Kwahiyo L iliyokuwa inaangalia juu inaongezewa kipande kidogo cha kaskazini. Mhimili hauinami mashariki, unainama kaskazini!

Na ukishainama kaskazini kidogo, toki nayo inageuka nao, siku zote inabaki pembe mraba na uga na pia pembe mraba na mhimili. Kwahiyo mhimili hausogei karibu na uga wala hausogei mbali, unauzunguka tu. Ni pia ileile. Pia iliyosimama bila kuzunguka inaanguka, ikizunguka uzito wake unataka kuiangusha lakini badala ya kuanguka kichwa kinazunguka duara. Hapa uzito umebadilishwa na uga wa sumaku.

Mwendo wa huko kuzunguka unapatikana kirahisi. L ya diski yenye masi M iliyosambaa sawasawa ni ½MR²ω, m ni ¼QωR². Gawanya:

```
m / L = Q / (2M)
```

R imeondoka, ω imeondoka. Kwahiyo mhimili unazunguka uga kwa kasi

```
Ω = QB / (2M)
```

na haijalishi diski unaizungusha kasi kiasi gani, mradi iwe haraka kuliko Ω kwa mbali sana, wala haijalishi imeinama pembe gani. Ukiongeza ω mara mbili, toki inakuwa mara mbili lakini L nayo mara mbili, ngoma droo. Kuhusu uelekeo, kwa chaji chanya mhimili unazunguka kinyume cha uelekeo wa B, kwa chaji hasi unafuata B. Ukiwa na penseli mkononi ihakikishe na mfano wetu, uga mashariki, mhimili juu, unahamia kaskazini.

Hiyo Q/2M inatokea kwenye mwili wowote ambao chaji na masi vimesambaa kwa mtindo mmoja, iwe diski, tufe, bangili. Ndo maana elektroni iliwachanganya watu, maana yake inatoka karibu mara mbili ya hiyo, na hakuna namna ya kuitengeneza kwa kufikiria katufe kanachozunguka chenye chaji na masi vimepakwa sawa. Ila hiyo ni habari ya siku nyingine.

Namba sasa. Chukua diski ya rediasi sm 10, gramu 100, unaizungusha mara 50 kwa sekunde, yaani 3000 kwa dakika, ω ni 314. Chaji ngapi? Hapa watunga maswali huwa wanajiandikia tu "kulombi 2" kana kwamba zinauzwa dukani kwa kilo. Hewa inavumilia uga wa umeme wa karibu volti milioni 3 kwa mita, ukizidi hapo inapasuka, cheche, chaji inakukimbia. Kwa diski yetu mikrokulombi moja inaweka usoni uga wa karibu volti milioni 1.8 kwa mita, ukingoni ni zaidi, kwahiyo hapo ndo tumeshafika mpakani. Q = 1 μC, hakuna kuongeza.

```
m = QωR²/4 = (10⁻⁶)(314)(0.01)/4 ≈ 7.9 × 10⁻⁷ A·m²
```

Jikague kwa karenti: mikrokulombi 1 mara mizunguko 50 ni mikroampia 50. Hiyo ndo karenti yako yote baada ya kuzungusha diski mpaka inalia, mikroampia 50. Kabetri ka saa na waya mwembamba vinakupa zaidi bila jasho.

Iweke kwenye uga wa tesla 0.1, ambao ni uga wa nguvu, unaupata katikati ya sumaku nzuri zilizokaribiana. Toki ni 7.9 × 10⁻⁸ nyutoni mita. Ndogo kiasi gani? Tuseme umeining'iniza diski kwenye gimbali, zile ringi zinazoruhusu mhimili ugeuke upande wowote, na pointi ya kushikilia imekosea kitovu cha uzito kidogo tu kufuata mhimili. Mhimili ukiwa umelala, uzito wa diski ni karibu nyutoni 1, kwahiyo kosa la nanomita 80 tu linatosha kuleta toki ya uzito inayolingana na ya sumaku. Nanomita 80 ni kama sehemu moja ya elfu ya unene wa unywele. Hakuna fundi wa leithi atakayekutengenezea hiyo.

Na Ω? L ni 0.157, gawanya toki kwa L, au tumia QB/2M, zote zinatoa 5 × 10⁻⁷ radiani kwa sekunde. Mzunguko mmoja wa mhimili unachukua sekunde milioni 12.6, ambazo ni siku 145. Miezi mitano karibu, diski inazunguka mara 50 kila sekunde bila kusimama, bila kupoteza chaji, ndo mhimili umalize duara moja. Kwenye uga wa dunia peke yake, ambao huku kwetu Ikweta ni karibu mikrotesla 30, inakuwa miaka 1,300 na zaidi kidogo. Ndo maana nilisema utacheka.

Kwahiyo ukiniuliza kama kuna mtu amewahi kuona diski ya plastiki inayumba hivyo, sio kwa njia hiyo. Kilichopimwa ni upande wa pili wa shilingi. Kama uga unaisukuma diski, diski nayo lazima iisukume sumaku iliyotengeneza uga, kwahiyo badala ya kuhangaika kuona diski nzito inainama unaweka kasindano kepesi ka sumaku karibu na diski, unaangalia kasindano ndo kageuke. Mmarekani mmoja, Henry Rowland, alifanya hivyo mwaka 1876 kwenye maabara ya Helmholtz kule Berlini. Diski yake ilikuwa ya ebonaiti, ule mpira mgumu mweusi, imepakwa dhahabu, kipenyo kama sm 21, inazunguka mara 60 hivi kwa sekunde. Karibu kabisa na diski yetu ya mfano, na hiyo sio bahati, namba za mfano nimezichagua zikae jirani na zake.

Kazi aliyokuwa nayo utaielewa ukipiga hesabu ya uga katikati ya diski yetu. Fomula yake ni μ₀σωR/2, inatoka kama 6 × 10⁻¹⁰ tesla, na uga wa dunia ni 3 × 10⁻⁵, mara karibu elfu 50 zaidi. Kasindano kanataka kumsikiliza mtu anayenong'ona wakati dunia inapiga kelele pembeni. Rowland alitumia sindano mbili zilizofungwa pamoja zikiangalia kinyume, moja karibu na diski moja mbali, ili uga wa dunia uzivute pande tofauti ufutane, halafu diski iliyo karibu na moja ionekane. Na kipimo chake kikubwa, ambacho ndo nataka ukishike, hakikuwa kuona kama sindano imegeuka. Kilikuwa kubadilisha chaji ya diski kutoka chanya kwenda hasi huku mzunguko ukiendelea vilevile, na kuona sindano ikigeukia upande wa pili.

Mimi nimejifunza umuhimu wa hilo kwa aibu. Miaka hiyo nafundisha shule moja tulichukua sahani ya plastiki tukaifunga kwenye mota, tukaisugua na kitambaa cha sufu, tukaweka dira juu yake, tukawasha. Dira ikageuka! Darasa likapiga makofi, mimi nikajiona Rowland wa pili. Kijana mmoja wa dawati la nyuma, mpole kabisa, akauliza, "Mwalimu, tusipoisugua je?" Tukaifuta sahani kwa kitambaa kibichi, chaji yote ikaondoka, tukawasha tena. Dira ikageuka vilevile, kiasi kilekile. Ilikuwa ni sumaku ya ndani ya mota tu. Chaji yetu ya kusugua isingeweza kuitikisa dira ile hata kwa bahati mbaya, sasa ukiwa na hiyo 6 × 10⁻¹⁰ kichwani hata hujiulizi. Mota, vyuma vya meza, shafti yenye usumaku, karenti zinazojizungusha ndani ya chuma kinachokata uga wa dunia, vyote hivyo havijali alama ya chaji yako. Ukibadilisha alama na usomaji haujabadilika alama, unachopima sio chaji.

Hata wataalamu wenyewe waligombana. Kuanzia 1900 hivi Mfaransa Victor Crémieu alirudia majaribio ya aina hii akasema haoni kitu, Mmarekani Harold Pender akasema anakiona vizuri tu, na badala ya kutukanana kwenye majarida wakaishia kukaa chumba kimoja Paris mwaka 1903 na vifaa vyao. Athari ikaonekana ipo.

Turudi kwenye swali lako, kuna mambo mawili yanayobadilisha jibu na mtihani unaweza kukutegea hapo.

La kwanza, mhimili umeshikwa au uko huru? Kama diski iko kwenye shafti iliyofungwa kwenye beringi, haiyumbi wala haipinduki. Toki ya QωR²B/4 ipo palepale, ila beringi zinaibeba, moja inasukumwa upande huu nyingine upande ule. Swali likisema "tafuta nguvu kwenye beringi zilizo umbali d", unagawanya toki kwa d umemaliza, Ω haikuhusu. Kwa diski yetu kwenye tesla 0.1 na beringi za sm 20 ni nyutoni 4 × 10⁻⁷, beringi yenyewe haitajua kama kuna kitu kinaendelea.

La pili ni neno "plastiki" kwenye swali lako, lisome kwa makini kila mara. Plastiki inashika chaji pale ulipoipaka, kwahiyo "sawasawa" ina maana. Swali likisema diski ni ya chuma, nyembamba, iko peke yake, chaji haitulii sawasawa, zenyewe zinasukumana zinakimbilia ukingoni. Mgawanyo wake unajulikana, chaji kwa eneo inaenda kama 1/√(R² − r²), ukitafuta wastani wa r² kwa mgawanyo huo unapata 2R²/3 badala ya R²/2. Momenti inakuwa QωR²/3. Toki nayo QωR²B/3 uga ukiwa umelala. Na angalia, masi bado imesambaa sawasawa wakati chaji imehamia nje, kwahiyo ile m/L haiwi tena Q/2M, inakuwa 2Q/3M, na zile siku 145 zinashuka kuwa kama 109. (Diski ya Rowland ilikuwa na dhahabu juu lakini alikuwa na sahani zilizotulia karibu yake, zilizounganishwa na ardhi, zinazoilazimisha chaji isambae karibu sawasawa, hiyo ni kesi nyingine.)

Mpe mwenzako hiyo ya chuma aifanye kwa njia ya x², bila kumwambia jibu. Anapaswa kupata wastani wa x² sawa na R²/3, na akipata 8 tena mwambie aniandikie mwenyewe.